Kurudi kwenye vyuma baada ya malaria: uji kwanza, skwoti baadaye

Kwa anayeingia leo, mradi ni huu: skwoti ya kilo 100 kabla ya mwaka kwisha, pamoja na kilomita 10 za kukimbia bila kusimama. Kabla ya kuugua nilikuwa nimefika kilo 90, seti 3 za mara 5. Kisha nikaenda matanga Busia, nikarudi Nairobi, na wiki mbili hivi baadaye homa ikanilaza. Hapa tuko juu, karibu mita 1,800, na malaria ya kuambukizwa mjini ni nadra, kwa hiyo swali la kwanza la daktari lilikuwa: umetoka wapi majuzi? Mtu akirudi kutoka upande wa ziwa au pwani kisha akashikwa na homa, aseme mapema wala asingoje kuulizwa.

Ninayoandika leo ni ya kipindi cha baada ya dawa, pale homa imeondoka lakini chakula hakipiti na mwili unadai kitanda. Kwenye mizani nilikuwa nimetoka kilo 74 hadi 70. Sehemu kubwa ya upungufu wa namna hiyo ni maji na wanga unaohifadhiwa kwenye misuli, na hayo hurudi upesi mtu akianza kula. Shida ilikuwa hapo kwenye kuanza.

Chakula kilianza na dawa yenyewe. Nilipewa AL, yaani artemetha na lumefantrini, vidonge 4 kwa mara moja, dozi 6 ndani ya siku 3. Lumefantrini haifyonzwi vizuri tumbo likiwa tupu. Inahitaji mafuta kidogo. Mtu anayemeza kwa maji matupu kwa sababu hana hamu ya kula anaweza kumaliza dozi zote na bado dawa isifike ya kutosha kwenye damu. Glasi moja ya maziwa yasiyotolewa mafuta inatosha. Mimi nilishindwa na maziwa ya moto, harufu ilinikataa, nikatumia maziwa lala baridi. Ukitapika muda mfupi baada ya kumeza, usikae kimya, rudi zahanati waamue kama dozi irudiwe.

Hamu ya kula haipotei kwa sababu ya uvivu wa tumbo tu. Kinga ya mwili inapopigana na vijidudu humwaga kemikali zinazofika hadi kwenye ubongo na kuzima njaa, na tumbo nalo linamwaga chakula polepole, ndiyo maana vijiko vitatu vinakushibisha. Hali hiyo hubaki siku kadhaa baada ya homa kushuka. Kwa hiyo nikaacha kungoja njaa, nikaweka kengele kwenye simu kila baada ya saa mbili. Ikilia, nusu kikombe cha kitu, hata kama mdomo ni mchungu.

Kitu chenyewe kilikuwa uji wa wimbi, na hapa shangazi wa Busia alinifaa kuliko wote. Shida ya uji kwa mgonjwa ni kwamba ukiwa mwepesi hauna nguvu, ukiwa mzito haupiti kooni. Nilipompigia kumlalamikia akauliza, "Mwanangu, kimea huna?" Kimea ni wimbi iliyooteshwa, ikaanikwa, ikasagwa. Mbegu ikiota hutengeneza kimeng'enya kinachovunja wanga, na kijiko kimoja cha chai cha unga huo kikikorogwa kwenye uji mzito ambao umeshaiva na kupoa kidogo (moto mkali unakiua), ndani ya dakika chache uji unalegea mbele ya macho yako. Mwiko uliokuwa umesimama unaanza kuteleza. Kisha unauchemsha tena kidogo, kwa usalama. Unga ni ule ule, lakini sasa unanyweka. Kimea nilikipata sokoni kwa mama anayeuza nafaka, na nilinusa kwanza: chenye harufu ya ukungu hakifai kabisa.

Kipimo changu cha kikombe kikubwa: vijiko 4 vya unga wa wimbi, maziwa mililita 250, siagi ya karanga kijiko 1 kikubwa, sukari vijiko 2 vidogo. Hiyo ni kama kalori 400 na protini gramu 15 hivi. Niliuweka kwenye chupa ya chai na kuunywa kwa mafungu. Vikombe viwili vya namna hiyo kwa siku, lala nusu lita na ndizi kadhaa, tayari umevuka kalori 1,200 bila kutafuna kitu cha maana. Kwa mtu mzima bado ni pungufu, ila kwa siku za kwanza si haba.

Vyakula vikavu vilirudi kwa utaratibu wa harufu. Vitunguu vikikaangwa jikoni nilikuwa natoka hadi kwenye korido. Chakula kilichopoa hakinuki sana, kwa hiyo mayai ya kuchemsha yaliyopoa, yenye chumvi na ndimu, yalipita wakati mayai ya kukaanga yalikataliwa. Viazi vitamu vya jana, vile vile. Nyama ilikuwa ya mwisho kurudi, na sikuilazimisha.

Jambo ambalo wengi jimu hawalifikirii ni damu. Vijidudu vya malaria huzaliana ndani ya chembe nyekundu na kuzipasua, na hata chembe ambazo hazikuambukizwa huondolewa kwa wingi. Himoglobini inaweza kuendelea kushuka kwa siku kadhaa baada ya vijidudu kwisha. Yangu ilipopimwa ilikuwa 11.2. Mwanamume mtu mzima huhesabiwa ana upungufu wa damu akiwa chini ya 13, na kwa miinuko kama ya Nairobi hutarajiwa awe juu zaidi kidogo, kwa sababu hewa yetu ni nyembamba. Kwa hiyo unaweza kula vizuri, ukajisikia mzima, na bado huna wabebaji wa oksijeni wa kutosha. Hamu ya kula inatangulia, damu inafuata nyuma kwa wiki kadhaa. Hapo ndipo watu wanapopakia vyuma na kushangaa kizunguzungu kimetoka wapi.

Kwa hiyo nilifuata mapigo ya moyo badala ya kufuata ninavyojisikia. Asubuhi kabla ya kuinuka nilihesabu mapigo kwa dakika nzima. Nikiwa mzima huwa 56 hivi. Wiki ya kwanza baada ya dawa yalikuwa 74. Kanuni yangu: yakizidi ya kawaida kwa zaidi ya 10, siku hiyo ni kutembea tu. Kipimo cha pili ni ngazi. Nakaa ghorofa ya 4 na lifti hatuna, ambalo kwa mara ya kwanza tangu nihamie limekuwa na faida. Nilipanda kwa mwendo wa kawaida, nikahesabu mapigo mlangoni, nikasimama dakika moja, nikahesabu tena. Mwanzoni yalikuwa 138 na baada ya dakika bado 124, moyo hautaki kushuka. Sasa yanafika 118 na kushuka hadi 90. Namba zako zitakuwa nyingine, cha kutazama ni tofauti kati ya mlangoni na dakika moja baadaye, kama inapanuka wiki hadi wiki.

Kuhusu vyuma, kilichonizuia zaidi ni wengu. Wakati wa malaria wengu huvimba kwa kazi ya kuchuja chembe zilizoharibika, na wengu uliovimba unaweza kupasuka kwa pigo au kwa shinikizo kubwa tumboni. Ni nadra, lakini ikitokea ni dharura ya upasuaji. Daktari alinibonyeza chini ya mbavu za kushoto, akaukuta umeongezeka kidogo, akasema mpira wa miguu hapana, na kunyanyua uzito wa kubana pumzi hapana, hadi apime tena. Skwoti nzito ndiyo hiyo hiyo ya kubana pumzi. Kochi alipotaka "tujaribu 60 tu, buda, ni nyepesi" nilimwonyesha aliponibonyeza daktari na akaelewa. Maumivu ya ghafla upande huo, hasa yakipanda hadi bega la kushoto, hayangojei asubuhi.

Basi wiki hizo zilikwenda hivi. Kwanza kutembea dakika 10 mahali tambarare, kwa mwendo ambao naweza kuongea na mtu simuni bila kuhema. Kisha dakika 20, kisha 30. Wengu uliporudi sawa na mapigo ya asubuhi kushuka hadi 62, nikaingia jimu na chuma kitupu cha kilo 20, seti 2 za mara 8, nikitoa pumzi kila ninapoinuka. Wiki iliyofuata kilo 40, kisha 50. Naongeza tu kama mapigo ya asubuhi inayofuata hayakuruka na kama chakula cha jioni kimepita. Hilo la pili limeonekana kuwa kipimo kizuri: siku niliyozidisha kutembea, jioni hamu ilikatika tena.

Chakula sasa kinalenga damu. Maini mara mbili kwa wiki, omena, maharagwe, managu yenye ndimu, kwa sababu vitamini C husaidia madini ya chuma ya mboga kufyonzwa. Chai, kinyume chake, huyazuia, kwa hiyo nimeisogeza saa moja mbali na mlo. Hilo ndilo gumu kuliko yote, ukweli usemwe. Vidonge vya kuongeza damu sikujinunulia, nimeacha daktari aamue.

Neno kwa aliyeniuliza kama apime malaria tena baada ya kumaliza dawa. Kipimo cha haraka cha tone la damu hutafuta protini ya kijidudu, na protini hiyo hubaki kwenye damu kwa wiki kadhaa baada ya kupona. Duka moja la dawa lilitaka kuniuzia dozi ya pili kwa sababu kipimo hicho bado kilionyesha mstari wa malaria. Baada ya matibabu kinachosema ukweli ni damu kutazamwa kwenye kioo cha hadubini. Na homa ikirudi ndani ya mwezi mmoja, nenda ukapimwe kwa kioo hicho hicho siku hiyo hiyo. Kwa anayerudi mazoezini baada ya mafua makali badala ya malaria, mambo ya damu na wengu hayamhusu sana, yeye atazame kifua: maumivu, moyo kudunda ovyo, au kuzirai akijaribu mazoezi ni sababu ya kusimama na kupimwa moyo.

Hali ya sasa: kilo 72.5, mapigo ya asubuhi 58, himoglobini 13.1 kwenye kipimo cha juzi. Skwoti iko kilo 60, seti 3 za mara 5. Wiki ijayo 65 kama mapigo yataruhusu, na Jumamosi kilomita 4 msitu wa Karura, vilima vyote kwa kutembea. Kilo 100 nimeisogeza hadi Machi.