Nani kaahidi nini kwenye simu ya familia

Simu ya jana ilichukua karibu saa mbili. Tulirekodi, kama tulivyokubaliana na wote walio ng'ambo, kwa sababu wapo ambao hawakuwahi kuingia na wapo waliosinzia katikati. Kuisikiliza tena na kuifupisha ni kazi yangu. Habari huwa hazinisumbui: nani kahama, nani mgonjwa, nani kafaulu, mstari mmoja mmoja unatosha. Kichwa kinauma nikifika kwenye pesa.

Naweka spika za masikioni, naongeza kasi kidogo mpaka nisikie mtu anataja kiasi au siku. Hapo narudisha kasi ya kawaida na kuandika dakika pembeni. Pesa zinajificha kwenye vicheko na kwenye zile dakika ambazo watu watatu wanaongea kwa mpigo. Pale dada alipotaja mchango wake, mtandao ulikatika. Nimesikia "laki", kisha kimya, kisha "na nusu". Nimeandika hivyohivyo, na alama ya kuuliza mbele yake. Ni rahisi kujaza pengo kwa kiasi unachokitamani, halafu mtu anajikuta anadaiwa ambacho hakukitamka.

Kuna na maombi yanayokuja yamevaa nguo za habari. Mama mdogo alieleza kwa kirefu jinsi paa linavyovuja, fundi alivyopanda, mabati mangapi yameoza. Hakuomba hata senti. Sote tunamjua, tunajua alichokuwa anakisema, lakini nimeliweka paa kwenye habari na kuandika chini yake kwamba hakutaja kiasi wala mtu. Nikimwandika kama muombaji nitakuwa nimemuombea bila ruhusa yake, na ni mtu wa heshima zake.

Lililonichukua muda ni la mjomba na ada. Dakika ya 41 anasema wazi: "Ada ya muhula huu msihangaike, niachieni mimi. Nikishalipwa tu natuma." Watu wakashangilia, shangazi akamwombea dua, na wengi naamini waliacha kusikiliza hapo. Dakika ya 58 shangazi anamuuliza, "Kwa hiyo yote unabeba wewe, kaka?" Naye anajibu, sauti imeshuka, "Aa, tutasaidiana." Kisha mtoto akalia upande wao, mazungumzo yakahama.

Ukichukua ya dakika ya 41 peke yake, umembebesha mzigo mzima. Ukichukua ya 58 peke yake, umemfutia neno alilolisema mbele ya watu. Nikaandika hivi:

"Mjomba, ada ya muhula huu. Dakika ya 41: ataibeba, akishalipwa. Dakika ya 58, alipoulizwa kama ni yote: tutasaidiana. Kiasi hakikutajwa. Tarehe haikutajwa. Kuuliza: sehemu gani, na analipwa lini?"

Hilo la akishalipwa huwa silifuti hata kama linarefusha mstari. Ndilo linaloanguka kwanza habari ikipita mdomo hadi mdomo, na likishaanguka, mtu ambaye hajalipwa anaonekana mwongo. Naangalia pia kama mtu aliahidi mwenyewe au kuna aliyemwahidia kwa niaba yake. Shangazi alisema, "Na yule binamu yenu naye atatoa." Binamu hakuwa kwenye simu. Hiyo haikwenda kwenye ahadi. Imekwenda kwenye maswali, na jina la aliyesema.

Siku nazo zina mtego wake. Kaka alisema atatuma "kesho saa mbili". Kwake ilikuwa bado jioni, kwetu usiku wa manane umeshapita, na amekaa huko muda mrefu kiasi kwamba saa zake siku hizi anazihesabu kama wenyeji wake. Nikamuuliza kwa ujumbe: siku gani ya wiki, asubuhi au mchana, na hicho kiasi ni kabla au baada ya makato ya kutuma? Alijibu kwamba ni Alhamisi, na makato atayabeba yeye. Hilo la makato lisingejulikana kwa kusikiliza rekodi mara mia.

Kuna kipande nilichokiacha nje kabisa. Karibu na mwisho, mmoja wao alidhani wengi wameshakata akasimulia mambo ya ndoa yake. Kwenye muhtasari hakipo, na rekodi yenyewe siisambazi.

Kabla ya kuweka chochote kwenye kundi la familia, kila aliyeahidi namtumia mstari wake peke yake, faragha. Mbele ya watu wote mtu atakubali hata asichoweza. Dada amerekebisha: ni laki mbili na nusu. Mjomba alikaa kimya mpaka mchana, kisha akaandika: "Weka nusu, mwanangu. Nalipwa tarehe 28. Nusu nyingine waulize kaka zako." Nimeweka nusu, na ile nusu nyingine nimeiandika kwenye maombi, haina mwenyewe bado.