Filamu ya harusi ya Babu: sauti iliyobaki ukingoni

Tulipoishia, picha zote zilikuwa zimeshaingia kwenye kompyuta, ila filamu ni bubu. Kwa asiyefuatilia tangu mwanzo: ni Supa 8, filamu nyembamba ya nyumbani ya milimita 8, katriji tatu zilizoungwa kwenye rili moja, harusi ya Babu na Bibi hapa Ngamiani, Tanga, mwaka 1979. Mpigaji alikuwa Babu Mdogo, mdogo wake Babu, baharia aliyerudi na kamera kutoka Hamburg. Yeye na Bibi wote wametangulia mbele ya haki.

Skana yetu ndogo inapiga fremu moja moja na haisomi sauti kabisa. Lakini binamu yangu alipoinua filamu kwenye mwanga wa dirisha aliona mstari wa kahawia kwenye ukingo, upande usio na matundu, na mwingine mwembamba zaidi upande wa matundu. Ule wa kwanza ni ukanda wa sumaku, ndio wenye sauti. Wa pili umewekwa tu ili filamu ijikunje sawasawa kwenye rili. Babu mwenyewe hakukumbuka kama kamera ile ilikuwa na maikrofoni. "Kilikuwa na kidude kinaning'inia," alisema.

Rangi

Hapa sitakaa sana. Filamu imegeuka nyekundu kama maji ya rosella, kwa sababu rangi ya bluu-kijani ndiyo iliyotangulia kufifia. Tulichofanya ni kutafuta kitu tunachojua ni cheupe, yaani kanzu ya Babu, na kitu tunachojua ni cheusi, yaani viatu vya shehe, kisha tukasawazisha nyekundu, kijani na bluu kila moja peke yake hadi vyote viwili vikae sawa. Nyuso zimerudi vizuri. Kanga za wanawake haziaminiki: rangi iliyokwisha kufa kwenye filamu haifufuki, na kompyuta inabuni tu. Dada alimuuliza Babu, akasema zilikuwa za kijani. Tumeziacha hudhurungi kama zilivyotoka.

Projekta

Fundi mstaafu wa redio, jirani yetu, alituazima projekta ya sauti. Mkanda wake wa mpira ulikuwa umegeuka lami, tukaweka mwingine. Tulisafisha hedi ya sauti, kile kichwa kinachosoma ukanda wa sumaku, kwa spiriti safi na pamba, tukaiacha ikauke kabisa, na balbu tukaichomoa, kwa kuwa picha tunazo tayari na sitaki joto karibu na filamu ya umri ule. Waya ukatoka tundu la spika kwenda kwenye kompyuta, tukarekodi kwa programu ya Audacity.

Sauti ilitoka nzito, wanaume wote kama wana mafua. Maana yake projekta inakwenda polepole. Kipimo chake ni rahisi: katriji ya kwanza haijakatwa, na skana imehesabu fremu 3,564. Kamera ilipiga fremu 18 kwa sekunde, kwa hiyo ilipaswa kudumu sekunde 198. Yetu ilichukua 205. Tukaongeza kasi ya sauti kwa asilimia 3.5, na shehe akawa shehe.

Kisha tukaunganisha picha na sauti kwa programu ya ffmpeg:

```
ffmpeg -framerate 18 -i picha_%05d.png -i sauti.wav -c:v libx264 -pix_fmt yuv420p harusi.mp4
```

Sauti isiyo na mwenyewe

Katriji ya pili ina kipande cha sufuria la pilau uani, halafu ghafla wanaume wamekaa barazani na kanzu zao. Picha ya baraza inapoanza tu, mwanamke anasema kitu kifupi, kisha anakatika katikati. Pale barazani hakuna mwanamke hata mmoja. Binamu akasema ni jirani anapita.

Babu alikuwa amekaa nyuma yetu anakunywa kahawa. Sikio lake la kushoto limeshachoka, kwa hiyo tulikuwa tumefungulia kwa nguvu. Akasema, "Rudisha."

Tukarudisha.

"Huyo ni nyanya yenu."

Dada alimuuliza kwa upole ana uhakika gani, maana sauti yenyewe haifiki hata sekunde mbili. Babu akamwangalia kama mtu aliyeulizwa jina lake. "Si anasema shemeji? Aliyeshika kamera alikuwa shemeji wa nani mwingine nyumba hii?"

Nilikwenda kuangalia filamu yenyewe. Kati ya sufuria na baraza pana kiungo cha mkono: filamu imekatwa na kuunganishwa kwa gundi ya karatasi iliyokwisha kuwa njano. Babu akakumbuka. Mwaka uleule projekta ya kuazima ilikwama, ikachana matundu kipande kirefu, na Babu Mdogo akakikata kwa mkasi akakitupa. Ndicho kipande cha fungate, Babu na Bibi chumbani wanakula.

Sasa, kwenye Supa 8 sauti haikai pembeni ya picha yake. Lenzi iko mahali pake, na hedi ya sumaku iko mbele kidogo njiani, kwa hiyo sauti ya kila picha imeandikwa fremu 18 kabla yake. Kwa kasi yetu hiyo ni sekunde moja kamili. Mkasi ulipokata mwanzoni mwa kipande cha fungate, picha za Bibi zote zilikwenda jaani, lakini sekunde yake ya kwanza ya sauti ilikuwa imeandikwa pembeni ya sufuria la pilau. Sufuria halikukatwa. Projekta inapofikisha baraza mbele ya lenzi, hedi bado iko kwenye fremu za mwisho za sufuria, ndipo Bibi anaposema.

Anasema: "Shemeji, mlango!"

Ni hayo tu. Babu alicheka mpaka kikombe kikamwagika. Alitueleza kwamba mdogo wake aliingia bila hodi, kamera usoni, akaacha mlango wazi, na paka wa mtaa mzima walikuwa uani wanasubiri samaki. Bibi alikuwa bi harusi wa siku tatu, alitakiwa awe kimya na haya, na neno la kwanza alilomwambia shemeji yake lilikuwa la kumkaripia.

Kusafisha, na nilipokomea

Mngurumo wa umeme uliondoka kwa kukata hezi 50, 100 na 150. Mvumo wa kanda ni mgumu zaidi. Kifaa cha kupunguza kelele kinachukua sampuli ya mvumo na kuufuta kila mahali, na "sh" nayo ni mvumo mtupu. Kila nilipoongeza kiasi, Bibi akawa anasema "emeji". Nimeiacha sekunde ile na kelele zake zote, nimesafisha kabla na baada tu.

Binamu alitaka tuweke picha ya Bibi ya kitambulisho pale. Dada alitaka sauti iachwe juu ya wanaume wa barazani kama filamu inavyocheza. Mimi nilipendekeza fremu 18 nyeusi. Tulimpelekea Babu zote tatu, akachagua nyeusi, ila akaomba iwe ndefu kidogo kwa sababu anataka muda wa kuongeza la paka mwenyewe wageni wakija.

Rekodi ghafi nimeihifadhi bila kuigusa kwenye diski mbili. Imebaki katriji ya tatu, ambayo ukanda wake wa sumaku umeanza kubanduka karibu na mwisho. Pale siipitishi kwenye projekta kabla fundi hajaiona. Na Babu ameshatoa oda ya nakala moja kwenye simu, apelekewe shangazi yake Bibi aliyeko Pangani. Anasema bibi yule ndiye aliyekaanga wale samaki, na huenda akakumbuka Babu Mdogo alijibu nini.