Nilivyotengeneza daftari la majina ya rangi kwa ajili ya sare za harusi

Mimi ni fundi cherehani hapa Tanga, na kazi inayonilisha zaidi ni sare za harusi. Ndugu wa bibi harusi mmoja yuko Tanga, mwingine Arusha, mwingine Muscat, na kila mtu hununua kitambaa huko aliko baada ya kuambiwa rangi kwa simu. Wakiambiwa zambarau, huyu ataleta rangi ya ganda la tunda lenyewe, ambalo likiiva huwa karibu jeusi. Yule ataleta rangi ya maji yake yanavyobaki kwenye ulimi wa mtoto. Wote wamesikia vizuri. Picha nayo haitoshi, kwa sababu kila simu huonyesha rangi kwa namna yake. Ndipo nikaamua kuandika orodha yangu ya rangi, kila jina na kipande cha kitambaa kilichogandishwa pembeni yake.

Nilianza na nyeupe, nyeusi na nyekundu. Hizi hazikunisumbua, kwani lugha yenyewe imezipa nafasi ya pekee: tunasema gauni jekundu, mashati meupe, viatu vyeusi. Rangi nyingine nyingi tunazipitisha kwenye kitu: gauni la kijani, shati la kijivu, kilemba cha manjano, na ndani yake unayaona majani, majivu na bizari. Hapo ndipo kazi ilipokuwa.

Utaratibu wangu ulikuwa huu. Nilimwonyesha mtu kipande kimoja kimoja, mlangoni kwenye mwanga wa mchana, anitajie jina bila wenzake kusikia. Siku nyingine nilimgeuzia: nikataja jina, yeye achague kipande. Mwanga wa mchana ni lazima, maana vitambaa viwili vinaweza kufanana kabisa chini ya taa ya dukani, ukivitoa nje kimoja kikawa kimeegemea wekundu. Jina ambalo watu walilirudisha kwenye kipande kilekile niliacha kama lilivyo. Damu ya mzee lilikuwa hivyo. Karibu kila mtu alikwenda moja kwa moja kwenye wekundu mzito unaoelekea weusi.

Jina lililowatawanya zaidi ni chungwa. Wengi walichagua rangi ile kali ya vizibao vya mafundi wa barabara. Lakini mama mmoja anayeuza machungwa ya Muheza alichukua kipande cha kijani chenye umanjano, akasema chungwa lake ndilo hili. Na ni kweli kabisa. Kwenye joto la huku chungwa huiva na kuwa tamu huku ganda likibaki kijani, kwa kuwa ukijani wa ganda hupotea vizuri palipo na usiku wa baridi. Kijana mwingine alilifikiria lililokwisha kumenywa, akachagua manjano iliyokolea kidogo. Tunda moja, rangi tatu.

Tangu hapo, kila jina lililotoka kwenye kitu naliandikia sehemu na hali ya kitu hicho. Zambarau nimeigawa: zambarau ya ganda na zambarau ya maji. Kahawia nimeandika ni buni iliyokaangwa, wala si kahawa iliyomiminwa kikombeni, ambayo ni nyeusi. Kwa chungwa nimeandika waziwazi "rangi ya kizibao cha barabarani", kwa sababu hiyo haina ubishi.

Kuna kipimo kingine kilichonisaidia kujua jina limekomaa kiasi gani: naondoa neno "rangi" nione kama mteja bado ananielewa. Gauni la zambarau, sawa. Gauni la damu ya mzee, sawa. Gauni la ugoro, mteja anakunja uso. Hapo lazima niseme gauni la rangi ya ugoro. Majina ya namna hiyo nimeyaweka kurasa za nyuma, na siyatumii kwa simu bila maelezo. Maji ya kunde nimeliacha nje kabisa ingawa nalipenda sana. Hilo ni jina la ngozi ya mtu, na kulibandika kwenye satini naona si mahali pake.

Kwa bluu nimeongeza neno la pili kila mara: samawati kwa ile ya anga la asubuhi, bluu ya nili kwa nzito. "Bluu ya bahari" siipokei peke yake, kwa kuwa maji ya kina kifupi juu ya mchanga mweupe na maji ya mkondoni hayafanani hata kidogo. Namuuliza mteja: bahari ya wapi, ya ufukweni au ya ndani? Akishajibu, naandika jibu lake kwenye oda, na nduguze wote wanatumiwa maneno hayohayo.

Vipande vyenyewe hupauka vikiachwa juani, hivyo daftari nalifunga na kuliweka kabatini, na kipande kilichofifia nakibadilisha kwa kingine kutoka jora lilelile nililolihifadhi.