Kabla ya kusema ni uzee: siku moja ya muuguzi Lamu

Saa moja asubuhi nilifungua zahanati, nikapima presha za waliowahi na kufunga vidonda. Wengi hudhani kazi ya muuguzi huishia hapo, lakini iliyo ngumu zaidi huanza ninapobeba mashine ya presha na kuingia vichochoroni kuwatembelea wazee.

Saa nne nilifika Langoni, kwa bibi wa miaka 78 aliyekuwa ameanguka mara tatu tangu mwezi uliopita. "Ni uzee tu, sista," mwanawe aliniambia mlangoni, "mpe dawa ya maumivu tumalize." Nilimwamkia mama, nikamwuliza alianguka saa ngapi na alikuwa akifanya nini. Mara zote ilikuwa alfajiri, alipoinuka kitandani kwenda msalani, macho yakaingia giza. Jibu hilo lilinionyesha pa kuanzia, kwa kuwa uzee haumchagulii mtu saa ya kuanguka.

Nilimlaza kwa dakika tano kabla ya kumpima, huku mwanawe akiingia na kutoka, akiuliza kwa nini nakawia ilhali kwingine humpima mara moja akiwa ameketi. Akiwa amelala, presha ilikuwa 148 kwa 84. Nilimsimamisha nikiwa nimemshika mkono: dakika ya kwanza ilisoma 122 kwa 74, ya tatu 116 kwa 70, naye akasema kichwa kinamzunguka. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, au ya chini kwa 10, ndani ya dakika tatu za kusimama, hapo pana sababu ya kuanguka, na kumpima mtu akiwa ameketi tu hakuionyeshi.

Kisha niliomba dawa zote, hata za zamani. Mkoba ulipomwagwa mkekani nilikuta amlodipini ya kliniki, dawa ya kushusha presha, na amlodipini hiyohiyo yenye jina jingine kutoka duka la dawa, naye akizimeza zote mbili. Palikuwa na haidroklorothiazidi, ambayo huongeza mkojo na alikuwa akiinywa usiku, pamoja na amitriptilini ya maumivu ya miguu, ambayo huleta usingizi na kushusha presha mtu anaposimama. Mwanawe alisisitiza kwamba kila dawa iliandikwa na mtaalamu. Nilimjibu kwamba ni kweli, ila hakuna aliyeziona zote pamoja. Sikumwachisha dawa kwa uamuzi wangu. Nilimpigia simu daktari, akaagiza amlodipini ya pili iachwe, ya mkojo ihamie asubuhi, na amitriptilini ipunguzwe polepole.

Jua lilikuwa kali na mgongo ulikuwa ukiniuma, lakini macho na miguu yalikuwa hayajaangaliwa. Nilipomfunika jicho moja moja, la kulia lilihesabu vidole, la kushoto liliona kivuli tu, na mboni ilikuwa na weupe wa mtoto wa jicho, ambao hutibika kwa upasuaji. Kandambili zake zilikuwa zimelika kisigino, na kidato cha kuingilia msalani hakikuwa na pa kushika. Mwanawe, ambaye sasa alikuwa ametulia, aliondoka mwenyewe kumtafuta fundi.

Wiki ijayo nitampima tena, amelala na amesimama. Presha ikiendelea kushuka, daktari atataka apimwe damu, sukari na mapigo ya moyo.