Namba 46 iliyonipotosha kwenye mahindi yangu

Shamba langu liko mlimani, Mbeya Vijijini, na mvua ya kupandia huanza kukolea Novemba. Msimu mmoja fedha ilinipungukia, nikaona mfuko wa mbolea ya DAP umeandikwa 18-46-0 na wa yurea 46-0-0, nikajisemea kwamba 46 ni 46, basi ninunue ile ya bei nafuu. Sikujua kuwa namba ya kwanza ni ya naitrojeni na ya pili ni ya fosfati. Nikapandia yurea nusu ekari, upande mwingine nikapandia DAP.

Mbegu nyingi zilizogusana na mbolea hazikuota, kwa sababu yurea inapoyeyuka hutoa amonia inayounguza chipukizi. Zilizoota, kufikia wiki ya tatu majani yake yalikuwa na rangi ya zambarau pembezoni. Bwana shamba aling'oa mche mmoja, akanionyesha mizizi iliyodumaa, akasema, "Mama, huu una njaa ya fosfati. Baridi ya huku nayo huleta rangi hii, lakini ingekuwa baridi peke yake, hata ule upande uliopandia DAP ungekuwa hivi."

Nikakimbilia kununua DAP na kuimwaga kando ya mistari. Mahindi yalikolea kijani kidogo, kwa ile naitrojeni 18 iliyomo, lakini yalibaki mafupi na yalichelewa kutoa mbelewele. Fosfati haitembei udongoni kama naitrojeni. Hukaa pale ulipoiweka, na udongo wetu wa asili ya volkano huishika kwa nguvu, kwa hiyo ni mzizi unaopaswa kuikuta, nao huihitaji zaidi ungali mchanga.

Msimu uliofuata nilipanda kwa nafasi ya sentimita 75 kwa 60, mbegu mbili kila shimo, ambayo ni mashimo karibu 9,000 kwa ekari. Kila shimo lilipata kizibo kimoja cha soda cha DAP, nikaifukia kwa udongo kidogo ndipo nikaweka mbegu, na mfuko wa kilo 50 ulitosha karibu ekari nzima.

Yurea niliigawa mara mbili, mahindi yalipofika magotini na tena yalipokaribia kutoa mbelewele, kwa kuwa naitrojeni huoshwa na mvua na ukiiweka yote mapema nyingi hupotea kabla mmea haujaihitaji. Niliiweka umbali wa kiganja kutoka kwenye shina, udongo ukiwa na unyevu, nikaifukia papo hapo. Ikiachwa juu sehemu yake hupaa hewani. Kazi hiyo inachosha mgongo, sikatai.

Mistari miwili ya mwisho yurea iliniishia katika awamu ya pili. Haikuwa na zambarau hata kidogo, ila majani ya chini yalianza kuwa njano kutoka nchani, njano ikifuata mshipa wa kati kwa umbo la V, huku majani ya juu yakiwa bado ya kijani.