Zuhura Alipompata Kaka Yake Mapema Mno

Mhariri wangu alichomoa sura ya 9 na ya 13 kwenye mswada, akaiweka hii mahali pa ile, kisha akanirudishia. "Isome hivyo hivyo, mwanangu, uniambie hadithi imekatika wapi." Nikasoma. Haikukatika popote.

Riwaya ilimhusu Zuhura, karani wa benki anayemtafuta kaka yake aliyetoweka. Katikati yote alikuwa akimwendea mtu, anamhoji, anaelekezwa kwa mwingine. Vikwazo vilikuwepo tele, ila kila kimoja kilimwacha palepale kilipomkuta. Sura zinazoweza kupishana nafasi bila msomaji kushtuka hazisababishani, na ndipo taharuki inapokufa.

"Ukurasa wa 60 Zuhura anataka nini?"

"Kumpata kaka yake, mama."

"Na wa 180?"

"Kumpata kaka yake."

"Basi ampate. Katikati ya kitabu."

Nilibisha sana, maana niliona nitabaki bila hadithi. Usiku ule nikaiandika hata hivyo. Zuhura akamkuta kaka yake katika chumba cha kupanga, mzima, kafuga ndevu, kajificha kwa hiari yake baada ya kushuhudia wizi wa wakubwa wake kazini. Hakuuliza habari za nyumbani. Aliuliza: "Umepita kwa nani mpaka ukafika hapa?"

Swali hilo likaibeba nusu nzima iliyobaki. Kila aliyehojiwa, kila picha iliyoonyeshwa, sasa ni alama za njia kwa wanaomwinda. Lengo likageuka: aliyekuwa akimtafuta ndiye sasa lazima amfiche. Zile sura nilizotaka kuzifuta zikapata kazi, kwa kuwa utafutaji wenyewe ndio ulioleta hatari.

Kuanzia hapo nilihakikisha kila tatizo linafunga mlango na kuzaa linalofuata. Zuhura anamaliza akiba yake kumhamisha kaka. Akiwa hana kitu, anachungulia akaunti za wale wakubwa ili apate ushahidi wa kuwabana. Benki inagundua, inamfukuza, na jina lake linawafikia. Wanakwenda kwa mama yake. Ili waache kutafuta, Zuhura anasema mbele yao kwamba kaka amekufa, na mama anaanza kuomboleza mwana aliye hai. Fedha, kisha kazi, kisha mama: kila hasara ni ya aina nyingine, na hakuna inayoweza kutangulia mwenzake.

Kitu kimoja sikukigusa. Tangu ukurasa wa kwanza Zuhura haogopi lolote kama kumpoteza nduguye. Lengo lilibadilika, hofu hiyo ikabaki; bila hiyo ningekuwa na vitabu viwili vilivyoshonwa pamoja.

Mwisho wangu wa zamani, ndugu kukumbatiana, haukuwa na mahali tena. Niliutupa nikaanza upya, na safari hii Zuhura ameketi kando ya mama yake, anaamua kama atamwambia.