Jinsi ninavyopima mbegu za maharage kabla ya kununua kilo za ekari nzima

Huku kwetu Karatu, ukiuliza ekari moja ya maharage inahitaji mbegu kiasi gani, wengi watakujibu kilo 30. Msimu mmoja nilitaka kupanda ekari mbili, moja Lyamungo 90, ile yenye punje kubwa za mabaka mekundu, na nyingine maharage madogo meupe. Punje zenyewe zilinionyesha kwamba jibu moja haliwezi kutosha kwa zote mbili, ndipo nikaanza kupima uzito wa mbegu elfu moja.

Kazi yenyewe ni ndogo. Kabla ya kununua zote nilichukua kilo moja moja, nikizichota juu, katikati na chini ya gunia, kwa sababu punje nzito na nyepesi hazikai sawasawa ndani ya gunia. Nikatoa uchafu na vipande, lakini sikuchagua punje nzuri. Ukichagua, unapima mbegu ambazo hutazipanda. Kisha nikahesabu mafungu 8 ya punje 100, kama maabara za mbegu zinavyofanya, na kila fungu nikalipima peke yake kwenye mizani ndogo inayosoma hadi sehemu ya kumi ya gramu. Faida ya mafungu ni kwamba ukikosea kuhesabu unaona: mafungu saba yanakaribiana, la nane linajitenga, unalihesabu upya. Wastani wa Lyamungo ulikuwa gramu 48, na wa meupe gramu 22. Zidisha kwa kumi: mbegu elfu moja za Lyamungo zina gramu 480, za meupe gramu 220.

Hatua ya pili ni idadi ya mimea. Ninapanda mstari hadi mstari sentimita 50, shimo hadi shimo sentimita 20, mimea miwili kila shimo. Kila mmea basi una eneo la mita 0.5 mara 0.1, yaani mita za mraba 0.05. Ekari ina mita za mraba 4,047, kwa hiyo inabeba mimea karibu 80,940. Kwa Lyamungo, 80.94 mara gramu 480 ni kilo 38.9. Kwa meupe ni kilo 17.8.

Hizo ni kilo za mbegu zinazoota zote, na hakuna mbegu ya namna hiyo. Niliotesha punje 100 za kila aina kwenye mchanga wenye unyevu, nikahesabu siku ya 5 na tena siku ya 9, nikihesabu tu miche yenye mzizi na shina kamili. Iliyopinda au kukatika kichwa niliiacha. Lyamungo ilinipa 88, meupe 94. Shambani udongo hauna huruma kama mchanga wa bakuli, hivyo nilikadiria kwamba kati ya zinazoweza kuota, 95 katika kila 100 zitatokeza juu. Lyamungo: 0.88 mara 0.95 ni 0.836, na 38.9 gawanya kwa 0.836 ni kilo 46.5. Meupe: kilo 20.

Sasa irudie ile kilo 30. Ukiweka kilo hizo za Lyamungo unapata mimea kama 52,000, theluthi moja ya nafasi zako inabaki tupu. Ukiweka kilo hizo hizo za meupe unapata zaidi ya 120,000, nusu zaidi ya ulichokusudia. Majani yanafungana mapema, hewa haipiti, na mbegu ya bure imekwenda ardhini.

Kuna jambo ambalo hesabu ya kilo peke yake haikamilishi. Kununua kilo 46.5 hakusaidii kama anayepanda anadondosha punje mbili mbili tu. Gunia litabaki na kilo nane hivi, na shamba litakuwa na mapengo. Mbili gawanya kwa 0.836 ni 2.4, na punje 2.4 haziingii shimoni. Kwa hiyo tulikubaliana na wapandaji: katika kila mashimo matano, matatu punje mbili, mawili punje tatu. Jumla ni 12, ambayo ni 2.4 kwa wastani. Kwa meupe, shimo moja kati ya manne lilipata punje tatu.

Wiki mbili baada ya mvua nilinyoosha kamba ya mita 10 juu ya mstari, sehemu mbalimbali za shamba, nikahesabu. Lengo ni mimea 100. Lyamungo ilikuwa ikicheza kati ya 93 na 104. Pembeni, karibu na njia, ilishuka hadi 71, na hapo mashimo mazima yalikuwa matupu, dalili ya ndege au panya wala si uotaji mbaya. Mbegu dhaifu huacha mmea mmoja mmoja ukikosekana hapa na pale, mstari mzima. Sehemu ile ya njia niliijazia mara moja, kabla majani ya tatu hayajafunguka kwa wenzao.